Majina mawili kwenye hatimiliki: nani anabaki na ardhi mmoja akifariki

Hatimiliki yenye majina mawili haisemi yote kwa majina hayo peke yake. Kuna maneno machache yanayofuata majina, na hayo ndiyo yanayoamua mambo siku mmoja wa wenye hati anapofariki. Yakiwa ya namna moja, aliyebaki anapeleka cheti cha kifo ofisi ya ardhi, jina la marehemu linafutwa, na ardhi yote inakuwa yake. Warithi wa marehemu hawana cha kugawana hapo. Yakiwa ya namna nyingine, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi yake, linapitia mahakamani, na aliyebaki haongezewi chochote isipokuwa naye ni mrithi.

Mwongozo huu unafuata sheria ya Kenya, hasa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kifungu cha 91, pamoja na Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Tanzania ina mgawanyo unaofanana katika Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 159, ila taratibu za mirathi za huko ni nyingine, kwa hiyo hatua za mahakamani zilizoelezwa hapa zisitumike huko.

Aina ya kwanza tutaiita umiliki wa pamoja, na ya pili umiliki wa hisa.

Anza na rejista

Watu wengi wana uhakika wa aina ya umiliki wao kwa sababu ya walivyokubaliana wakati wa kununua, au kwa sababu ya alivyosema dalali. Msajili wa ardhi haangalii hayo. Anaangalia rejista. Kwa hiyo kabla ya kupanga lolote, omba sachi rasmi ya ardhi yako, yaani taarifa ya yaliyomo kwenye rejista, kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, kama rejista ya eneo lenu imeshaingizwa humo, au kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti. Utahitaji namba ya ploti kama ilivyo kwenye hati, nakala ya hati yenyewe, kitambulisho na PIN ya KRA.

Rejista ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe, B inataja wamiliki, na C inaonyesha rehani, tahadhari na vizuizi vingine. Nenda moja kwa moja Sehemu B, usome kinachofuata majina. Hati zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya kutafuta ni mojawapo ya haya:

```
AS JOINT TENANTS
AS TENANTS IN COMMON
```

La kwanza ni umiliki wa pamoja. La pili ni umiliki wa hisa, na mbele yake panapaswa kuwa na mafungu: nusu kwa nusu, robo tatu na robo, au mgawo mwingine wowote mliosajili.

Kama hakuna neno lolote baada ya majina, tafuta waraka wa uhamisho uliotumika kusajili. Sheria inasema kwamba waraka usipotaja aina ya umiliki, wamiliki wanachukuliwa kuwa wa hisa, tena hisa sawa. Hapa wengi huumia. Aliyetoa shilingi milioni tatu na nusu na aliyetoa nusu milioni wanahesabiwa sawa kwenye rejista kama hawakuandika mafungu yao. Mwenye fungu kubwa, au watoto wake, itabidi waende mahakamani kuthibitisha michango kwa risiti na taarifa za benki, mara nyingi baada ya miaka mingi kupita.

Kisha angalia tarehe ya usajili. Sheria ya Usajili wa Ardhi ilianza kutumika tarehe 2 Mei 2012. Tangu siku hiyo, umiliki wa pamoja unaweza kuundwa kati ya wanandoa tu, labda mahakama itoe ruhusa. Ndugu wawili, mama na mwanawe, au marafiki wa chama walionunua mwaka 2016 na kuandikwa kama wamiliki wa pamoja bila ruhusa ya mahakama, kwa sheria ni wamiliki wa hisa hata kama hati yao inasema vingine. Hati hiyo ni mtego, kwa sababu mmoja akifa, aliyebaki atakwenda ofisi ya ardhi akiamini yote ni yake, na watoto wa marehemu watakuwa na haki kamili ya kumpinga. Lakini ndugu waliosajiliwa kama wamiliki wa pamoja kabla ya tarehe hiyo wako katika hali nyingine, kwani masharti hayo yanahusu umiliki unaoundwa kuanzia siku sheria ilipoanza, na si ule uliokuwapo.

Tofauti wakati wote mko hai

Katika umiliki wa pamoja hakuna aliye na fungu lake. Wote wanamiliki yote. Kuuza, kuweka rehani au kukodisha kwa mkataba wa kusajiliwa kunahitaji sahihi za wote. Mmoja anaweza kuwahamishia wenzake haki yake, lakini akijaribu kumuuzia mtu wa nje, uhamisho huo ni batili tangu mwanzo. Na kwa kuwa hana fungu la kugawa, hawezi kuliandika kwenye wasia. Baba anayeandika wasia akisema "nusu yangu ya nyumba ya Ruiru apewe binti yangu mkubwa", huku nyumba hiyo ni ya umiliki wa pamoja na mkewe, ameandika maneno yasiyoshika kitu iwapo atafariki kabla ya mkewe.

Katika umiliki wa hisa kila mmoja ana fungu lake, ingawa ardhi haijakatwa. Huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba upande wa mwembe ni wako na upande wa kisima ni wa mwenzako. Fungu hilo unaweza kulirithisha kwa wasia. Ukitaka kulihamisha ungali hai kwa mtu asiye mmiliki mwenza, unahitaji idhini ya maandishi ya wenzako, nao hawaruhusiwi kukunyima bila sababu ya maana.

Ploti moja, vifo viwili

Tuchukue mume na mke wenye ploti na nyumba huko Kitengela, thamani yake shilingi milioni 6. Wana watoto wawili. Mume ana mtoto mwingine aliyezaliwa kabla ya ndoa, mama yake hakuolewa na mume huyo, lakini yeye alimtambua na kumsomesha. Kwa sheria ya urithi, mtoto wa namna hiyo ni mtoto wake kama wale wengine. Hakuna aliyeandika wasia, na tuseme ploti hii ndiyo mali yao yote.

Kwanza, wawe na umiliki wa pamoja, na mume afariki kwanza. Mke anachukua ploti nzima. Si urithi, kwa hiyo hauhesabiwi kama urithi. Haki ya mume imekoma tu. Miaka kumi baadaye mke anafariki, na mirathi inayogawanywa ni ya mke. Warithi wake ni watoto wake wawili, kila mmoja akipata milioni 3. Yule wa tatu si mtoto wa mke, kwa hiyo hapati chochote.

Sasa ugeuze mpangilio: mke atangulie. Mume anabaki na ploti nzima, na anapofariki inagawanywa kwa watoto wake wote watatu, milioni 2 kila mmoja. Ploti ni ileile na hati ni ileile, lakini watoto wawili wa ndoa wamepoteza milioni moja moja, na yule wa tatu ametoka sifuri hadi milioni 2, kwa sababu tu ya nani aliugua kwanza.

Tuweke sasa umiliki wa hisa, nusu kwa nusu, na mume afariki kwanza. Nusu ya mke haiguswi. Nusu ya mume, yaani milioni 3, inaingia kwenye mirathi yake. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Urithi kinampa mjane vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na katika mali iliyobaki kinampa haki ya kuitumia maishani mwake. Anaishi humo, na kodi inayolingana na nusu hiyo ni yake, lakini nusu hiyo haiwi mali yake ya kurithisha. Anapofariki, inagawanywa sawa kwa watoto watatu wa mume, milioni moja kila mmoja. Nusu ya mke mwenyewe inakwenda kwa watoto wake wawili, milioni moja na nusu kila mmoja. Jumla: watoto wa ndoa wanapata milioni 2.5 kila mmoja, na yule wa tatu milioni 1.

Ukigeuza na kumtanguliza mke, mume anatumia nusu ya mke maishani mwake, kisha inarudi kwa watoto wawili wa mke. Nusu ya mume inagawanywa kwa watatu. Hesabu inatoka vilevile: 2.5, 2.5 na 1. Huo ndio uzito wa hisa. Zinamfanya kila mzazi aache lake kwa watoto wake, na foleni ya vifo haibadilishi mafungu. Kwa wanandoa ambao watoto wao wote ni wa hao wawili, umiliki wa pamoja unafaa sana, maana unamwondolea mjane au mgane safari za mahakamani, na mwisho wa yote mali inafika kwa watoto walewale. Pakiwa na mtoto wa nje, ndoa ya pili, au mke mwenza, hapo kwa maoni yetu hisa ni salama zaidi, na umiliki wa pamoja uwe ni uamuzi uliofanywa kwa macho wazi.

Kuhusu wake wenza: iwapo mume alikuwa na mke wa pili mwenye mtoto mmoja, na ploti ni ya hisa kati yake na mke wa kwanza mwenye watoto wawili, nusu yake inagawanywa kwa nyumba. Kifungu cha 40 kinahesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mke kama kichwa kimoja. Nyumba ya kwanza ina vichwa 3, ya pili 2. Milioni 3 inagawanywa kwa 5: nyumba ya kwanza inahesabiwa milioni 1.8, ya pili milioni 1.2, na ndani ya kila nyumba mke anapata tena haki ya matumizi ya maisha. Lakini ploti ikiwa ya umiliki wa pamoja na mke wa kwanza, nyumba ya pili haina kitu humo. Hata ombi la wategemezi chini ya kifungu cha 26, ambalo mahakama hulitumia kumkatia fungu aliyeachwa bila riziki, linakatwa kutoka kwenye mirathi, na sheria inatafsiri mali ya mirathi kuwa ile ambayo haki ya marehemu juu yake haikukoma kwa kifo chake. Haki ya mmiliki wa pamoja inakoma kwa kifo.

Kwa Waislamu, mirathi hugawanywa kwa faraidhi, na pande zote zikiwa za Kiislamu na zikikubali, shauri linaweza kwenda kwa Kadhi. Kinachofika kwa Kadhi ni kile kilichomo kwenye mirathi. Chukua nusu ileile ya milioni 3, marehemu ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, wazazi wake wameshatangulia, na hakuna deni wala wasia. Mke anapata thumni, shilingi 375,000. Inabaki 2,625,000, ambayo inagawanywa mafungu manne: mvulana mawili, shilingi 1,312,500, na kila msichana moja, 656,250. Anayetaka faraidhi ifanye kazi kwenye ardhi yake ahakikishe fungu lake limesajiliwa kama hisa, maana ploti ya umiliki wa pamoja hupita nje ya mgawo huo kwa upande wa ofisi ya ardhi.

Kufuta jina la marehemu kwenye umiliki wa pamoja

Kazi hii ni ya ofisi ya ardhi peke yake. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamwagiza msajili afute jina la marehemu akishathibitishiwa kifo, kwa kusajili cheti cha kifo. Hakuna haja ya hati ya mahakama, na afisa anayekudai uilete kwa ploti iliyoandikwa wazi kuwa ya wanandoa wa umiliki wa pamoja umwelekeze kwa upole kwenye kifungu hicho.

Kwanza pata cheti cha kifo halisi, maana kibali cha mazishi hakitoshi. Kabla ya kuondoka dirishani, linganisha majina kwenye cheti na yale ya hatimiliki, herufi kwa herufi. Hili linaweza kukwamisha ombi lako: hati ina majina matatu na cheti kina mawili, au jina la ubatizo limeachwa, au namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja. Cheti kikiwa na kosa, kisahihishwe kwenye ofisi ya usajili wa vifo mapema. Kama kosa liko kwenye hatimiliki ya zamani, utahitaji hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, ukiambatisha kitambulisho cha marehemu.

Pili, fanya sachi mpya. Usitegemee ile ya mwaka jana. Unatafuta mambo mawili: maneno ya umiliki wa pamoja bado yapo, na Sehemu C haina tahadhari iliyowekwa na mtu baada ya msiba. Tahadhari ikiwapo, msajili hataendelea hadi iondolewe na aliyeiweka, na msajili mwenyewe, au na mahakama.

Tatu, wasilisha ombi ukiwa na hatimiliki halisi, cheti cha kifo, kitambulisho chako, PIN yako ya KRA, picha za pasipoti, na sachi. Hati ikiwa imepotea, shughulika kwanza na utaratibu wa kupata hati mbadala, pamoja na tangazo lake katika Gazeti la Serikali. Ikiwa iko benki kwa sababu ya mkopo, zungumza na benki. Kumbuka kwamba kifo hakifuti rehani: wote wawili walisaini, na aliyebaki anaichukua ardhi pamoja na deni lake, isipokuwa mkopo ulikuwa na bima ya maisha iliyolipa.

Nne, baada ya usajili, fanya sachi tena na usome Sehemu B. Jina liwe moja. Tangu hapo wewe ni mmiliki pekee, na ploti nzima itaingia kwenye mirathi yako. Kama mlikubaliana na marehemu kwamba mtoto fulani apate sehemu, makubaliano hayo sasa yanategemea wasia wako tu.

Jambo moja la kusikitisha ambalo njia hii haitatui: wanandoa wakifa katika ajali moja na isijulikane nani alitangulia. Kwa watu wengine sheria huchukulia kwamba mdogo kwa umri alibaki baada ya mkubwa, lakini wanandoa kifungu cha 43 cha Sheria ya Urithi kinawahesabu wamekufa kwa wakati mmoja. Hakuna aliyebaki wa kupeleka cheti, kwa hiyo familia iende mahakamani na mirathi zote mbili.

Kupeleka hisa ya marehemu kwa warithi

Hapa njia ni ndefu, na inaanzia kwa chifu wa eneo alikoishi marehemu. Barua ya chifu hutaja mjane au mgane na watoto wote. Wote maana yake wote, pamoja na mtoto wa nje na binti aliyeolewa. Kumficha mrithi ni sababu mojawapo ya hati za mirathi kufutwa chini ya kifungu cha 76, na hufutwa hata baada ya ardhi kugawanywa.

Kama hakuna wasia, ombi hufunguliwa kwa fomu P&A 80 pamoja na kiapo cha P&A 5 kinachoorodhesha warithi, mali na madeni, na ridhaa ya warithi wengine kwenye P&A 38. Mirathi isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na Hakimu Mkuu. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Thamani inayohesabiwa ni ya hisa ya marehemu. Ploti ya milioni 30 ambayo marehemu alikuwa na nusu inaingia kwenye hesabu kwa milioni 15. Mjane mwenye watoto asiombe peke yake, kwa kuwa haki ya matumizi ya maisha na watoto wadogo huunda amana inayoendelea, na kifungu cha 58 kinataka angalau wasimamizi wawili.

Ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali na huachwa siku 30 kwa pingamizi. Hati ya usimamizi ikitoka, haijakupa ruhusa ya kugawa. Unangoja miezi sita, kisha unaomba uthibitisho kwa P&A 108. Kabla ya uthibitisho ni marufuku kuuza ardhi ya marehemu. Na kabla ya hati yenyewe kutoka, kuchukua kodi ya fungu lake au kulikodisha ni kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka: adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mmiliki mwenza anayeendelea kukusanya kodi ya nyumba nzima aliweke kando fungu la marehemu na aandike hesabu zake.

Sehemu ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni jedwali la mgawo kwenye cheti cha uthibitisho. Kosa la kawaida ni kuandika namba ya ploti na mbele yake "watoto wote sawa", kana kwamba marehemu alikuwa na ploti nzima. Mmiliki mwenza hatakubali, na msajili hawezi kusajili kwa kuwa mafungu yanazidi kile alichokuwa nacho marehemu. Andika fungu la marehemu kwanza, kisha mgawo wake kwa sehemu za ploti nzima. Katika mfano wetu wa Kitengela, nusu ya marehemu ikigawanywa kwa watoto watatu, kila mmoja ana moja ya sita ya ploti. Jumlisha: nusu ya mke, na sita tatu za watoto, ni moja kamili. Hesabu isipofika moja kamili au ikizidi, rudi mahakamani kusahihisha kabla ya kwenda ofisi ya ardhi.

Jedwali liseme pia kwamba mjane ana haki ya matumizi ya maisha, kama ipo. Likinyamaza, watoto wanaweza kusajiliwa moja kwa moja na kuanza kutafuta mnunuzi akiwa bado anaishi humo. Naye mjane hawezi kuuza nusu hiyo kwa uamuzi wake. Kifungu cha 37 kinataka idhini ya mahakama kila mara mali isiyohamishika inapohusika.

Kisha ofisi ya ardhi husajili mara mbili. Kwanza wasimamizi wanaingizwa mahali pa marehemu, kwa cheo chao cha usimamizi. Halafu wanawahamishia warithi mafungu yaliyo kwenye cheti cha uthibitisho. Familia nyingi huishia hatua ya kwanza zikidhani zimemaliza, na msimamizi naye akifariki hati inakwama tena mikononi mwa mtu aliyekufa.

Baada ya usajili wa pili, warithi na mmiliki wa zamani ni wamiliki wa hisa katika ardhi moja isiyokatwa. Wakitaka kila mmoja hati yake, wanaomba mgawanyo chini ya kifungu cha 94 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, wakiwa na mpimaji mwenye leseni na idhini ya mipango ya kaunti, na kwa shamba, kibali cha bodi ya ardhi. Ploti ya futi 50 kwa 100 haitakatwa vipande vinne vyenye maana. Hapo chaguo ni mmoja kuwanunua wenzake, au wote kuuza na kugawana fedha.

Kubadilisha aina ya umiliki mngali hai

Wamiliki wa pamoja wanaotaka hisa husaini waraka wa kutenganisha umiliki. Wote husaini, mbele ya wakili anayethibitisha sahihi, na waraka hupelekwa ofisi ya ardhi pamoja na hatimiliki halisi, vitambulisho, PIN na picha. Sheria inasema utenganisho hukamilika kwa usajili. Waraka uliosainiwa Jumatatu ukabaki kwenye droo ya wakili, na mmoja akafariki Ijumaa, unawaachia warithi kesi mkononi. Omba namba ya kupokelewa siku ileile, na urudi na sachi mpya mkishasajiliwa.

Utenganisho hutoa hisa sawa. Kama wanandoa wanataka theluthi mbili kwa theluthi moja, waingie kwanza kwenye hisa sawa, kisha mmoja amhamishie mwenzake sehemu ya fungu kwa waraka wa pili. Talaka peke yake haibadilishi maneno ya rejista. Waliotalikiana na kuacha hati ilivyo wanaweza kujikuta mtalaka wa zamani anachukua kwa cheti cha kifo kile ambacho mke wa sasa alitarajia, kwa hiyo mgawanyo wa mali ya ndoa usajiliwe pale unapoamuliwa.

Kwa wanaonunua sasa, maneno yawekwe kwenye mkataba wa mauziano na yarudiwe kwenye waraka wa uhamisho, maana huo ndio msajili anausoma. Wanandoa waandike wazi kama ni umiliki wa pamoja au wa hisa, na wa hisa wataje mafungu kwa sehemu: robo tatu na robo, au hamsini na tano kwa arobaini na tano juu ya mia. Ndugu na wanachama wa kikundi watumie hisa, na mafungu yafuate fedha iliyotolewa, hadi jumla ifike moja kamili. Hati ikitoka, isome dirishani. Kosa la aina ya umiliki hurekebishwa kwa urahisi zaidi likionekana wakati wenye majina wote wangali hai na wanaweza kusaini.